Motisha na mtazamo wa ukuaji kwa vijana waliokata tamaa na masomo

Kazi ya somo la Saikolojia ya Elimu

Swali: Kwa kutumia nadharia za motisha na dhana ya mtazamo wa ukuaji, jadili namna mwalimu anavyoweza kumsaidia mwanafunzi wa rika la kubalehe aliyekata tamaa na masomo. Toa mifano kutoka mazoezi yako ya kufundisha.

Katika juma la pili la mazoezi yangu ya kufundisha nilimrudishia mvulana wa miaka 15 daftari lake la hisabati. Alikuwa amefanya maswali 10 ya milinganyo na kukosa 8. Hakusoma nilichoandika. Alilifunga daftari, akalisukuma pembeni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mwalimu, mimi na hesabu hatuivi chungu kimoja." Hakuwa na hasira wala hakutaka kuchekesha. Alikuwa ananipa taarifa, kama mtu anayekutajia urefu wake.

Insha hii inajengwa juu ya kauli hiyo. Hoja yangu ni kwamba kijana wa namna hii hakosi hamu ya kufaulu. Anachokosa ni ushahidi kwamba anachokifanya yeye mwenyewe kinabadilisha matokeo. Mwalimu akimhubiria juhudi bila kumpa ushahidi huo, anaweza kumkatisha tamaa zaidi.

Nianze na chimbuko la hali yenyewe. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier walichapisha majaribio ya mbwa waliopigwa shoti za umeme wasizoweza kuzizuia. Baadaye wengi wa mbwa hao waliwekwa mahali ambapo wangeweza kuruka kizuizi na kuokoka, lakini hawakuruka. Hali hiyo iliitwa unyonge uliofunzwa, na walimu wengi tumeielewa hivi: kushindwa mara kwa mara humfundisha mtu kuacha kujaribu. Mwaka 2016 watafiti haohao waliipitia upya kazi yao kwa kuzingatia ushahidi wa ubongo, wakasema mpangilio uligeuzwa. Kutulia na kuacha ndio mwitikio wa asili wa kiumbe aliyeteswa kwa muda mrefu. Kinachofunzwa ni udhibiti, yaani kutambua kwamba ninachofanya kina matokeo. Kwa mwalimu tofauti hii ni kubwa. Haitoshi kuondoa maumivu na kusubiri kijana ainuke mwenyewe, kwa kuwa udhibiti ni jambo la kufundishwa.

Bernard Weiner anatusaidia kuona mahali pa kuanzia. Katika nadharia yake ya visababishi, mtu akishinda au akishindwa hutafuta sababu, na kila sababu hupimwa kwa mambo matatu: iko ndani ya mtu au nje yake, inadumu au inabadilika, anaweza kuidhibiti au hawezi. Kauli ya "hatuivi chungu kimoja" inaangukia pabaya kwa vipimo vyote. Sababu iko ndani yake, haibadiliki, na hana la kuifanya. Akiamini hivyo, kutojaribu ni uamuzi wenye mantiki. Mimi mwenyewe nisingepoteza jioni zangu kwa jambo ninaloamini haliwezekani.

Nililifungua tena lile daftari. Swali la kwanza lilikuwa 3x − 7 = 11. Alikuwa ameandika 3x = 11 − 7, akapata 3x = 4. Swali la pili, vilevile. La nne, vilevile. Katika maswali yote 8 alihamisha namba kwenda upande wa pili bila kubadili alama yake. Hatua nyingine zote, pamoja na kugawanya mwishoni, zilikuwa sahihi. Nilimwambia: "Umekosa maswali manane, lakini kosa ni moja. Nitafutie lilipo." Alikaa nalo dakika kadhaa, akaliona, akarudia swali la kwanza na kupata x = 6. Nikamwomba aweke 6 mahali pa x: mara 3 ni 18, toa 7, inabaki 11. Jibu lilijithibitisha lenyewe; hakuhitaji nimwambie kwamba amepata.

Nimelieleza tukio hili kwa kirefu kwa sababu naamini ndilo kiini cha jibu la swali. Sikumwambia ana akili, wala sikumwambia ajitahidi. Sababu ya kushindwa kwake ilihama kutoka kwenye nafsi yake ikaenda kwenye hatua moja ya kazi, na hatua ya kazi hurekebishika. Kwa lugha ya Albert Bandura, alipata uzoefu halisi wa kumudu jambo. Katika maelezo yake ya mwaka 1977 kuhusu imani ya mtu katika uwezo wake, Bandura alitaja vyanzo vinne: kufanikiwa mwenyewe, kuwaona wengine wanaofanana naye wakifanikiwa, kutiwa moyo kwa maneno, na hali ya mwili na hisia. Chenye nguvu zaidi ni cha kwanza. Maneno ya kutia moyo peke yake ni dhaifu, na huyeyuka mtihani unaofuata ukienda vibaya.

Hapa kuna mtego ambao nilikaribia kuuangukia. Baada ya siku ile nilitaka kumpa maswali mepesi tupu ili apate vema nyingi. Utafiti wa Carol Dweck wa mwaka 1975 ulinizuia. Alichukua watoto 12 waliokuwa wakiporomoka kabisa kila waliposhindwa, akawagawa makundi mawili. Kundi moja lilipewa mafanikio matupu. La pili lilikutana na kushindwa mara chache kulikopangwa, na kila mara watoto walielekezwa kukuhusisha na juhudi pungufu badala ya uwezo mdogo. Walipokutana tena na kushindwa, watoto wa kundi la kwanza waliporomoka kama zamani. Wa kundi la pili walistahimili. Kwa hiyo katika kila zoezi la mvulana yule niliweka maswali mawili ambayo nilijua yatamsumbua, na tukakubaliana kwamba akikwama ataandika pembeni mahali alipokwamia. Ukurasa wenye maandishi ya "nimekwama hapa, sijui kama nigawe kwanza" ulinifurahisha kuliko ukurasa wa vema.

Kutokana na kazi za aina hiyo Dweck alifikia wazo la mitazamo miwili. Mwenye mtazamo mgando anaamini akili ni kipimo alichozaliwa nacho. Mwenye mtazamo wa ukuaji anaamini uwezo hukuzwa kwa kazi, mbinu bora na msaada wa wengine. Maneno hayo matatu yanapaswa kukaa pamoja. Madarasani wazo hili limepunguzwa likawa "jitahidi tu, utaweza", na Dweck mwenyewe amelalamikia upotoshaji huo. Kijana aliyejitahidi kwa njia ileile isiyofaa akashindwa tena, kisha akaambiwa ajitahidi zaidi, atahitimisha kwamba hata juhudi zake hazifai kitu.

Mfano wa pili ni wa msichana wa miaka 16 ambaye hakuwasilisha insha hata moja. Walimu walimwita mvivu. Alama zake za miaka ya nyuma zilikuwa za juu, na alinieleza kwamba nyumbani alizoea kuitwa "kichwa". Mwaka 1998 Claudia Mueller na Dweck walionyesha kwamba watoto waliosifiwa kwa akili, walipokutana na maswali magumu, walivumilia kidogo na kufurahia kidogo kuliko waliosifiwa kwa juhudi, na alama zao zikashuka. Wengi zaidi kati yao pia walidanganya kuhusu alama walizopata. Martin Covington anaeleza sababu: mwanafunzi hulinda thamani yake. Ukishindwa baada ya kujitahidi, watu watasema huna akili. Ukishindwa bila kuandika chochote, angalau swali linabaki wazi. Karatasi tupu ya msichana yule ilikuwa ngao. Kumwita mvivu kulimsaidia kuishika vizuri zaidi.

Kwake nilitumia zaidi nadharia ya kujiamulia ya Edward Deci na Richard Ryan, inayosema motisha ya ndani hulishwa na mahitaji matatu: uhuru wa kuchagua, kujiona mahiri, na kuhusiana na watu wanaokujali. Rika hili linayahitaji kwa namna ya pekee. Jacquelynne Eccles na wenzake wameonyesha kwamba kijana anapoanza kutaka kauli zaidi juu ya maisha yake, shule nyingi za ngazi ya juu humwongezea amri na ulinganisho wa alama hadharani, huku zikimpunguzia ukaribu na walimu. Nilimpa mada tatu achague moja. Rasimu ya kwanza haikupewa alama, bali maoni tu, na iliandikwa kwa dakika 15 ili isiwezekane kuwa kamilifu. Uamuzi wa kutotoa alama niliutoa katika utafiti wa Ruth Butler wa mwaka 1988, ambako maoni bila alama yaliinua hamu na ubora wa kazi, ilhali maoni yaliyoambatana na alama hayakufanya hivyo. Aliandika aya moja na nusu. Juma lililofuata aliileta ikiwa na aya nne, mbili zikiwa zimekatwa na kuandikwa upya.

Zawadi sikuzitumia. Tangu majaribio ya Deci ya mwaka 1971 inajulikana kwamba malipo yaliyoahidiwa yanaweza kupunguza hamu ya jambo ambalo mtu alilipenda. Najua kijana asiye na hamu kabisa ni suala tofauti, lakini wanafunzi wangu hawa wawili walikuwa na hamu iliyofunikwa.

Ni lazima niseme pia kiasi cha matarajio. Uchambuzi wa Victoria Sisk na wenzake wa mwaka 2018 ulijumlisha tafiti nyingi ukakuta athari ya mafunzo ya mtazamo wa ukuaji kwa ufaulu ni ndogo kwa wastani, ingawa wanafunzi walio katika mazingira magumu huenda wakanufaika zaidi. Mwaka 2019 David Yeager na wenzake walichapisha utafiti wa wanafunzi wapatao 12,000 nchini Marekani. Mafunzo mafupi ya mtandaoni, yasiyofikia saa moja, yaliinua wastani wa alama za wanafunzi dhaifu kwa takriban pointi 0.1 kwenye kipimo kinachoishia 4. Ongezeko lilijitokeza zaidi katika shule ambako wenzao walithamini kuchukua changamoto. Nayasoma matokeo haya kama onyo dhidi ya mabango ya ukutani. Mbegu haioti juu ya mwamba: darasa linalocheka jibu lisilo sahihi litaifuta kazi ya mwalimu kabla ya kipindi kwisha.

Hilo nililiona kwa mwanafunzi wa tatu, mvulana wa miaka 14 aliyekaa nyuma kabisa. Nilimweleza jinsi ubongo unavyoimarisha njia zake mtu anapojifunza. Akanijibu kwa upole kwamba alishaambiwa hayo, na kwamba siku aliyojaribu kujibu swali darasa zima lilicheka. Nilikuwa nimemletea nadharia ya akili wakati jeraha lake lilikuwa la mahusiano. Nilibakiwa na majuma mawili tu, na sikuweza kumsogeza. Ningepewa muhula mwingine, nisingeanza naye. Ningeanza na wale waliocheka, kwa kuweka kanuni kwamba kila jibu lisilo sahihi linaandikwa ubaoni na darasa linatafuta ni hatua gani ndani yake iliyo sahihi, kisha ningesubiri hadi kanuni hiyo iwe desturi ndipo nimwite tena.