Majibu yetu kwa wateja kuhusu malipo yanayosubiri, yaliyoshindikana na yaliyorudishwa

Kwa wote wa dawati la huduma kwa wateja, zamu ya mchana na ya usiku

Kuanzia Jumatatu tunatumia majibu haya, na yale ya zamani yaliyohifadhiwa kwenye mfumo yamefutwa. Sababu mnaijua. Mteja anauliza asubuhi, anaambiwa malipo "yanashughulikiwa". Akiuliza jioni anaambiwa "yamefeli", na kesho yake mwingine anamwambia "yamerudi". Muamala ni ule ule na hali yake haijabadilika. Kilichobadilika ni aliyekuwa zamu. Mtu asiyejua pesa yake iko wapi hastahili kuhangaishwa hivyo.

Kila jibu linaanza na mahali pesa ilipo. Kisha tunamwambia afanye nini, au asifanye nini, na mwisho lini atasikia kutoka kwetu. Unapoahidi jambo utakalolifanya mwenyewe, andika "nita-". La kampuni nzima ni "tume-" au "tuta-". Ile sentensi ya kuomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza haipo tena. Pole tunaitoa pale kosa lilipokuwa letu, na tunalitaja kosa lenyewe. Namba za oda, siku na saa zilizomo humu ni za mfano. Weka za mteja unayemjibu.

Skrini inaonyesha `PENDING`, amelipa kwa kadi

"Habari. Pesa ya oda 40718 bado iko benki kwako. Benki imeitenga kwa ajili ya oda hii, ndiyo maana unaona salio limepungua, lakini haijafika kwetu. Tafadhali usilipe tena kwa sasa, kwa sababu malipo yote mawili yanaweza kupita. Nitaangalia tena leo saa kumi jioni na nitakuandikia, yawe yamepita au la. Oda yako tumekushikia."

Hapa neno ni "kutenga". Usiseme "imekatwa", maana benki imetoa idhini tu na sisi hatujachukua kitu. Tusipoichukua, benki huiachia yenyewe: nyingine kwa siku chache, nyingine kwa muda mrefu zaidi kulingana na taratibu zake. Kwa hiyo usimtajie mteja tarehe ambayo benki itaiachia. Saa kumi ni ahadi yetu wenyewe, na hiyo lazima itimie: weka kikumbusho kwenye tiketi kabla hujabonyeza "tuma". Zamu yako ikiisha kabla ya saa hiyo, mkabidhi mwenzako tiketi kwa jina, usiiache kwenye foleni.

`PENDING`, amelipa kwa simu na ameshapata ujumbe wa makato

"Habari. Ujumbe uliotutumia nimeuona, asante. Pesa imeshatoka kwenye simu yako, ila uthibitisho wake haujafika kwenye mfumo wetu. Namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe huo inatosha. Nimeituma kwa kampuni ya simu ili watuthibitishie. Huna haja ya kulipa tena. Nitakujibu kesho kabla ya saa sita mchana, hata kama watakuwa hawajajibu. Na tafadhali usimpe mtu namba yako ya siri, hata akisema anatoka kwetu."

Sentensi ya mwisho isiondolewe hata jibu likionekana refu. Mteja mwenye wasiwasi na pesa yake ndiye matapeli wanayemtafuta. Sisi hatuombi namba ya siri, wala namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu, wala zile tarakimu za usalama nyuma ya kadi. Mteja akizituma bila kuombwa, zifute kwenye mazungumzo na umwambie umezifuta.

Amelipa mara mbili

"Habari. Nimeona malipo mawili ya oda 40718, la Jumanne saa tano asubuhi na la saa tano na dakika ishirini. La kwanza limepita na oda yako inaendelea. La pili nimelifuta kabla halijachukuliwa, kwa hiyo pesa yake imebaki benki kwako na itaonekana tena kwenye salio benki itakapoiachia. Pole, ukurasa wetu ulichelewa kukuonyesha kwamba la kwanza limepokelewa."

Tuma jibu hili baada ya kulifuta la pili, si kabla.

`FAILED`

"Habari. Malipo ya oda 51266 hayakupita na hatujachukua pesa yoyote. Benki yako imeyakataa bila kututajia sababu, kwa hiyo wao ndio wanaoweza kukueleza. Wapigie kwa namba iliyo nyuma ya kadi. Ukipenda kutumia njia nyingine ya kulipa, oda yako iko wazi hadi kesho saa mbili usiku."

Hili ni la msimbo `05`. Kwa `54`, kadi imeisha muda wake: mwambie hivyo moja kwa moja na umwombe aweke kadi mpya. Kwa `91`, benki haikupatikana: mwambie ajaribu tena baada ya saa moja.

Msimbo `51` ndio unaotaka adabu zaidi, kwa sababu maana yake ni kwamba salio halikutosha. Mara nyingi anayesoma ujumbe si mwenye kadi peke yake. Simu hushikwa na watoto, na barua pepe za ofisini husomwa na wengi. Tunaandika hivi:

"Habari. Malipo ya oda 51266 hayakupita na hatujachukua pesa yoyote. Tafadhali angalia akaunti yako na kikomo cha matumizi cha kadi, kisha ujaribu tena, au utumie njia nyingine. Oda yako iko wazi hadi kesho saa mbili usiku."

Akiuliza mwenyewe kama ni salio, mjibu ndiyo.

Yaliyorudishwa

Hapa ndipo tunapochanganyana zaidi. Skrini ikionyesha `VOIDED`, malipo yalifutwa kabla hatujachukua pesa, na mteja hataona mstari wowote wa pesa kuingia; ule wa kutengwa utatoweka tu. Ikionyesha `REFUNDED`, tulishaichukua na tumeirudisha, na ataona mstari mpya. Ukimwambia mtu wa `VOIDED` asubiri pesa iingie, ataisubiri siku zote.

Kwa `VOIDED`:

"Habari. Malipo ya oda 38854 tumeyafuta leo asubuhi kabla ya kuchukua pesa. Hutaona pesa ikiingia kama malipo mapya. Kiasi kilichotengwa kitaondoka kwenye taarifa ya akaunti yako na salio litarudi lilivyokuwa. Kikiendelea kuonekana hadi Jumatatu ijayo, niandikie hapa hapa, nitakupa uthibitisho wa maandishi wa kupeleka benki."

Kwa `REFUNDED`:

"Habari. Pesa ya oda 38854 tumeirudisha yote jana alasiri kwenye kadi ile ile uliyolipia. Sasa iko njiani kwenda benki yako, na kwa kawaida huchukua siku 5 hadi 10 za kazi kuonekana. Nimekuambatishia namba ya ufuatiliaji yenye tarakimu 23; ukiwapa benki wataweza kuitafuta pesa kwa upande wao."

Namba hiyo huwa haipatikani papo hapo. Kama bado haijaonekana kwenye mfumo, toa sentensi ya mwisho na uahidi siku ya kuituma.

Mteja akiwa tayari amepinga malipo kupitia benki yake, usirudishe chochote; ipeleke tiketi kwa kitengo cha fedha, maana pesa inaweza kumrudia mara mbili.

Anayeandika kwa mara ya pili kuhusu muamala ule ule hapewi jibu lolote kati ya haya. Soma tiketi yote, kisha andika kwa maneno yako. Kama ahadi ya kwanza haikutimizwa, anza na hiyo: "Nilikuahidi jibu jana saa kumi na sikukuandikia. Pole sana. Pesa yako sasa imethibitishwa, na oda inaondoka leo."