Oanisha

Waya mweusi ndio ulioanza kesi. Bi Mize alikuwa barazani anasuka ukili, hedifoni masikioni, simu imelala mkekani kando ya paja. Miyaa ya siku ile aliitia rangi nyeusi, na macho yake si yale ya zamani. Alipokuja kushtuka, waya umo ndani ya ukili, kausuka kwa urefu wa shibiri nzima, tena vizuri, umekaza. Kuutoa ilibidi akate. Kutoka hapo upande mmoja wa zile hedifoni ukafa, na siku ya tatu ukaufuata wa pili.

Tangu hapo akawa anafungua sauti za binti yake hadharani. Asha yuko Maskati mwaka wa tatu huu, anafanya kazi za nyumbani, na kila Ijumaa humrekodia mama yake kwenye wasapu. Lakini baraza la nyumba ile ya Wete halina siri. Sauti ikianza tu, jirani anaitikia kutoka ng'ambo ya njia: "Na sisi tusalimie!" Watoto wanasogea. Muuza samaki anasimamisha baiskeli. Asha naye akawajua wasikilizaji wake, maneno yakapungua Ijumaa hadi Ijumaa, mpaka yakabaki salamu, hali za wazima, na fedha nimetuma. Bi Mize alimzaa, anajua mwanawe anapozungumza na anapofunika chungu.

Akaomba kitu kimoja tu: hedifoni zisizo na waya. Zikaja na msafiri, nyeusi, kubwa, ukizivaa ni kama umejifunika vifuu viwili vya nazi masikioni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Njoo hapa kaa. Hii inaingia wapi kwenye simu? Nimetafuta tundu silioni."

Khalfan, miaka kumi na minne, mwana wa Asha, aliweka daftari la shule akakaa. Simu hakuichukua mkononi. Jambo hili nalitaja makusudi, kwa sababu vijana wengi hukunyang'anya simu, wakabonyeza mara tano, wakakurudishia: tayari. Kesho uko palepale.

"Haiingii popote, bibi. Zinasikilizana kwa hewani, kama redio. Lakini kwanza zijuane. Bonyeza hiki kitufe, usikiachie. Hesabu mpaka tano."

Bi Mize alibonyeza akaachia.

"Rudia, bibi."

Akabonyeza, akahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na kwenye tano taa ndogo ikaanza kupepesa, nyekundu, buluu, nyekundu, buluu. Mwanamke akasema kitu cha Kizungu ndani ya zile hedifoni. Bi Mize akazisogeza mbali kidogo.

"Sasa kwenye simu, fungua Mipangilio. Ile alama kama gurudumu lenye meno. Enhee. Sasa tafuta palipoandikwa Bluetooth, halafu usome mstari unaofuata."

Bi Mize herufi za Kiarabu alizijua chuoni akiwa mtoto. Hizi nyingine alizipata ukubwani, darasa la watu wazima, na huzisoma kwa kuzipa haki yake moja moja. "O-a-ni-sha. Oanisha kifaa kipya." Akainua uso. "Khalfan, simu inaozesha?"

"Ndiyo, bibi. Simu na hedifoni."

"Walii nani?"

"Wewe hapo."

"Na mahari?"

Khalfan akafikiri. "Chaji."

Bibi alicheka mpaka ushungi ukamteleza. Kisha akagusa pale, na simu isimsikie. Akagusa tena. Ncha za vidole vyake zimekauka na kuwa ngumu kwa miaka ya kupasua chane, na kioo cha simu kinataka ngozi yenye unyevu kidogo. Akazidi kukandamiza, kidole kikapinda, na badala yake ukafunguka ukurasa mwingine kabisa.

"Imenikataa."

"Haijakukataa. Unaibonyeza kama unaponda kitunguu thomu. Iguse kama unavyogusa kitoto kilicholala, uone kina homa." Akamletea kata ya maji, bibi akachovya kidole, akakifuta kwenye kanga, akagusa. Jina BT-08 likatokea kwenye orodha. Akaligusa nalo. Simu ikauliza, chini kuna Ghairi na Oanisha. Bi Mize akasema bismillahi, akachagua la pili.

Siku ile walijaribia kisomo cha Kurani, na bibi akafumba macho barazani huku wapita njia wakimsalimia asiwasikie.

Ijumaa, baada ya sala, ikaingia sauti ya Asha ya dakika sita. Haijawahi kuwa ndefu hivyo. Bi Mize akavaa, akawasha, akaona taa ya buluu, akagusa. Masikioni kimya. Barazani, mbele ya majirani wawili na muuza samaki, simu ikasema kwa sauti yake yote: "Mama, leo uko peke yako? Mama, mie jana nililia..."

Aliikumbatia simu kifuani, akaikandamiza kwa viganja viwili, na sauti ikaendelea kutoka ndani ya kanga mpaka Khalfan alipotoka mbio akaizima. Majirani waliinama wakatazama miguu yao. Muuza samaki akapanda baiskeli, samaki hakuwataja.

"Umeniozea vibaya," Bi Mize alisema taratibu.

Khalfan alitoa simu yake mfukoni, akaitazama, uso ukamshuka. "Ni mimi, bibi. Jioni zile zilipofika nilizijaribu kwenye simu yangu, nikasikiliza mpira. Zimenikumbuka. Umeziwasha, nami nipo ndani, zikaja kwangu badala ya kwako."

"Kumbe zilikuwa na mume."

"Zilikuwa naye. Naziacha sasa hivi, unaona?" Akamwonyesha: jina lilelile BT-08, na kando yake neno Sahau. Hakuligusa. Alimpa bibi kata ya maji.

Bi Mize alichovya kidole. "Hii ndiyo talaka yenyewe?"

"Ndiyo."

Akagusa. Jina likatoweka.

"Sasa tuzitoe na kwako, uanze upya mwenyewe. Mie sisemi kitu."

Bibi akaanza. Kitufe, akahesabu mpaka nne akaachia. Khalfan akafungua mdomo, akaufumba. Bibi mwenyewe akasema, "Rudia, Mize," kwa sauti ileile aliyomfundishia mjukuu huyu ukili alipokuwa na miaka sita, akimfumulia kila alipokosea. Akarudia. Nyekundu, buluu. Gurudumu. O-a-ni-sha. Alichukua muda wa mtu kuchambua mchele wa watu wanne. Jina likaja, akaligusa kwa ncha ya kidole, kama homa ya mtoto. Chini ya jina pakaandikwa Imeunganishwa, na akalisoma neno lile mara mbili.

Akaingia ndani, akakaa kwenye kitanda, mlango ukabaki nusu. Khalfan alibaki barazani. Simu iko mapajani mwa bibi na hakuna hata mnong'ono unaotoka. Kinachoonekana ni mgongo wake tu, na kichwa kinachoitikia.

"NDIYO, MWANANGU," alisema ghafla, kwa nguvu, kama wanavyosema wote waliozibwa masikio, akiijibu sauti iliyorekodiwa tangu asubuhi. Kisha, chini zaidi: "Sema. Niko peke yangu."

Mkekani ulikuwepo ukili wake, umebakia pima mbili kumalizika, chane zimetawanyika. Khalfan aliuvuta akaupachika kidole gumba cha mguu, akatafuta mwaa uliosimamia, akaendelea hapo bibi alipoachia.