Vitumbua vya shangazi, kadi ya ukutani (kama 30)

USIKU: Loweka mchele nusu kilo kwa saa 8. Chuja.

ASUBUHI: Saga na tui zito mililita 400, sukari gramu 150, hamira kijiko 1 cha chai, iliki kijiko 1 cha chai, mpaka ukisugua kwa vidole usisikie chenga. Maji usiongeze, mdogo wangu! Uji mwepesi hunata kwenye chuma.

Funika kwa saa 1, joto la Dar linatosha. Uji uumuke na kutoa mapovu.

KUPIKA: Moto wa wastani. Mafuta kijiko 1 cha chai kila shimo, yapate moto kwanza. Jaza robo tatu. Dakika 3, geuza kwa kijiti, dakika 2. Kila mkupuo mafuta mapya.