Barua ya Ofa ya Ajira: Msimamizi wa Mauzo ya Ufuta kwa Masoko ya Nchi za Kiarabu

KAMPUNI YA USAFIRISHAJI WA UFUTA
Ofisi ya Mkurugenzi Mtendaji
Dar es Salaam, Tanzania

Kumb. Na. UF/RW/07/2026
12 Januari 2026

Ustadh Tayib Idris,
Kairo, Misri.

Assalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh,

YAH: OFA YA AJIRA YA MKATABA WA MIEZI 24

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Baada ya mazungumzo yetu mawili ya mwezi Desemba, pamoja na sampuli za ufuta ulizotuchambulia, uongozi umeridhika kuwa wewe ndiye tunayemhitaji. Kwa heshima kubwa tunakupa nafasi ya Msimamizi wa Mauzo kwa Masoko ya Nchi za Kiarabu, kituo chako cha kazi kikiwa Dar es Salaam.

Barua hii imeandikwa kwa Kiswahili na imeambatanishwa na tafsiri yake ya Kiarabu. Tunakuomba usome zote mbili bila haraka, na pale zisipokubaliana utuulize kabla hujasaini.

1. Kazi yenyewe

Utawajibika kwa Mkurugenzi Mtendaji moja kwa moja. Utawatafuta na kuwahudumia wanunuzi wanaozungumza Kiarabu, utaandika na kukagua mikataba ya mauzo, na utafuatilia nyaraka za shehena hadi mzigo umfikie mnunuzi na malipo yaingie benki. Msimu wa minada utasafiri pamoja na wanunuzi wetu kwenda Lindi na Mtwara, ambako ufuta huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Nauli, malazi na posho ya safari hizo hulipwa na kampuni kabla hujaondoka. Hatukutazamii utumie fedha zako kwanza ndipo urudishiwe.

2. Kuanza na kumalizika

Ajira itaanza Jumatano, 1 Aprili 2026 na kuisha 31 Machi 2028. Tarehe ya kuanza tumeichagua makusudi ije baada ya Ramadhani na Idi, ili uifunge na kuisherehekea pamoja na familia yako. Miezi 3 ya kwanza ni ya majaribio, na katika kipindi hicho mshahara na haki zako nyingine hazipunguzwi. Tukitaka kuhuisha mkataba tutakujulisha kwa maandishi siku 90 kabla haujaisha. Tukinyamaza, mkataba utaisha tarehe iliyotajwa na hautajihuisha wenyewe.

3. Malipo

Mshahara wa msingi ni shilingi za Tanzania 4,500,000 (milioni nne na laki tano) kwa mwezi. Juu yake kuna posho ya nyumba shilingi 900,000 (laki tisa) na posho ya usafiri shilingi 300,000 (laki tatu). Jumla ni shilingi 5,700,000 (milioni tano na laki saba) kabla ya makato.

Makato ni mawili tu: kodi ya mapato kwa viwango vya sheria, na asilimia 10 ya mchango wako katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ambapo kampuni nayo huchangia asilimia 10. Ulituuliza kama unaweza kulipwa kwa dola. Samahani, hatuwezi, na wala hatutaki kukuahidi kiwango cha kubadilishia fedha ambacho hatuna uwezo wa kukilinda. Mshahara utaingia katika akaunti yako ya benki tarehe 28 ya kila mwezi, na ikiwa siku hiyo benki zimefungwa, utaingia siku ya kazi iliyotangulia.

4. Saa za kazi

Jumatatu hadi Ijumaa ni saa 2:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni, pamoja na saa moja ya mapumziko isiyohesabiwa. Jumamosi ni saa 2:00 asubuhi hadi saa 7:00 mchana. Hiyo inafanya saa 45 kwa wiki, ambazo ndizo kikomo cha kawaida cha sheria. Siku ya Ijumaa mapumziko huanza saa 6:30 hadi saa 8:00 mchana kwa ajili ya swala, na nusu saa inayozidi haikatwi popote. Ukiombwa kufanya kazi ya ziada, na ukakubali, kila saa italipwa mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida.

Tafadhali zingatia kuwa saa zilizotajwa ni za Kiswahili, zinazohesabiwa tangu jua linapochomoza. Kwenye tafsiri ya Kiarabu utaona saa 8 asubuhi hadi saa 5 jioni. Ni muda ule ule. Mgeni mmoja aliwahi kufika ofisini kwetu kwa kuchelewa saa sita kwa sababu ya jambo hili dogo, na kosa halikuwa lake.

5. Likizo na ugonjwa

Kila mwaka utapata likizo ya siku 28 mfululizo yenye malipo kamili. Sikukuu ikiangukia ndani yake, siku hiyo huongezwa. Ukiugua na kuleta cheti cha daktari, una siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Bima ya afya itakuhudumia wewe, mke wako na watoto wenu wawili tangu siku ya kwanza ya kazi.

6. Vibali, pasipoti na vyeti

Kampuni itakuombea kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi na kibali cha ukaazi cha daraja B kwa Idara ya Uhamiaji, na ada zote ni zetu. Usije kwa viza ya matembezi kisha uanze kazi, hata kama mtu wetu atakushauri hivyo kwa nia njema. Sheria hairuhusu, na atakayeumia ni wewe.

Pasipoti yako itakaa mkononi mwako siku zote. Tutaihitaji kwa muda mfupi wa kupeleka maombi ya vibali, kwa stakabadhi iliyosainiwa, na tutakurudishia. Vilevile hakuna wakala wala mfanyakazi wetu mwenye ruhusa ya kukutoza chochote kwa ajili ya nafasi hii. Akitokea anayedai, tujulishe siku hiyo hiyo.

Tumekuelewa ulipoeleza kuwa shahada zako halisi zilibaki Khartoum mlipoondoka baada ya vita kuanza Aprili 2023. Kwetu sisi nakala ulizotuma zinatosha. Mamlaka za vibali zina masharti yao, kwa hiyo tunakuomba upeleke nakala hizo ubalozi wa nchi yako Kairo zithibitishwe. Gharama ya uthibitisho tutakurudishia kwa risiti. Ofa hii inategemea kupatikana kwa vibali: vikikataliwa kabisa, ofa itakoma na hakuna upande utakaoudai mwingine fidia, isipokuwa gharama ulizokwisha kutumia kwa maelekezo yetu, ambazo tutazilipa zote.

7. Safari ya kuja na kurudi

Tutalipa tiketi za ndege za watu wanne kutoka Kairo hadi Dar es Salaam, na malazi ya siku 21 za kwanza wakati mnatafuta nyumba. Mkataba ukiisha tutawarudisha Kairo, ambako ndiko ulikoajiriwa. Kama siku hiyo mtapenda kurejea Sudan, na njia iko salama, tutalipa nauli ya huko badala ya ya Kairo. Tunaomba dua iwe hivyo.

8. Siri za kazi na kusitisha mkataba

Bei, majina ya wanunuzi na masharti ya mauzo ni siri ya kampuni, wakati wa ajira na miezi 12 baada yake.

Upande wowote unaweza kusitisha mkataba kwa sababu halali na kwa notisi ya maandishi: siku 7 katika mwezi wa kwanza, na siku 28 baada ya hapo. Kampuni haitakuachisha kazi bila kukueleza sababu na kukupa nafasi ya kujitetea, na unaruhusiwa kuja na mfanyakazi mwenzako wa kukusaidia pamoja na mkalimani tutakayemlipia. Tukishindwa kuelewana, shauri litapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Jua kwamba malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa huko ndani ya siku 30.

Ajira hii inaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Pale barua hii inapokupa zaidi ya sheria, utapata hicho zaidi. Pale inapopungukiwa, sheria ndiyo itakayofuatwa.

9. Kiswahili na Kiarabu

Nakala zote mbili zitasainiwa. Zikitofautiana, ya Kiswahili ndiyo itakayotawala, isipokuwa kama tofauti hiyo imetokana na kosa la mfasiri wetu na imekuumiza, hapo utapewa tafsiri iliyo nafuu kwako. Hatuoni haki ubebe mzigo wa kosa la mtu tuliyemlipa sisi.

Mfasiri ametuomba tukueleze machaguo yake machache, kwa kuwa maneno yetu mengi yana asili ya Kiarabu lakini yamehama maana. *Mkataba* ameutafsiri *akdi*, maana *mukataba* kwenu ni kuandikiana barua. *Mshahara* ameuita *ratibu*. *Fidia* ya kifungu cha 6 ameiita *taawidhi*, kwa sababu *fidya* ingekufanya ufikirie mateka au funga iliyokosekana. *Laki* haina neno moja kwenu, hivyo kila laki imeandikwa kuwa maelfu mia, na kila kiasi kimeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno.

10. Kukubali

Ukiridhika, saini kila ukurasa wa nakala zote mbili, kisha mwishoni mwa nakala ya Kiswahili andika kwa mkono wako: "Mimi, Tayib Idris, nimesoma barua hii kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, nimeielewa, na ninakubali masharti yake kwa hiari yangu." Mwishoni mwa nakala ya Kiarabu andika maneno hayo hayo kwa Kiarabu. Tutumie picha zake kwa barua pepe kabla ya saa 11:00 jioni ya Ijumaa, 30 Januari 2026, yaani saa 5 jioni kwa saa za tafsiri, kwa majira ya Dar es Salaam. Nakala halisi utakuja nazo.

Ukihitaji muda zaidi, sema. Na ukiwa na kifungu unachotaka kibadilishwe, kiandike kwa Kiarabu. Mfasiri yupo, na tutakujibu ndani ya siku 3 za kazi.

Msalimie sana mama watoto, na watoto pia.

Wassalaam,

Mkurugenzi Mtendaji
Kwa niaba ya Kampuni

Nakala: Meneja Rasilimali Watu, Mhasibu Mkuu, Jalada la mfanyakazi
Kiambatanisho: Tafsiri ya Kiarabu, yenye saini na muhuri wa mfasiri