Zoezi la Sarufi: Vishazi vya Kusudi na vya Matokeo

Muda: dakika 50. Jumla ya alama: 40.

Soma kila sentensi mpaka mwisho kabla ya kujibu. Zoezi hili linapima kama unaweza kutofautisha jambo lililokusudiwa na jambo lililotokea. Ukikwama, usikazie macho kiunganishi peke yake. Tazama pia kitenzi kinachokifuata.

SEHEMU A (alama 12)
Chagua jibu moja lililo sahihi.

1. Fundi alipanda juu ya paa ili ______ mahali panapovuja.
(a) aliona (b) aone (c) akaona (d) anaona

2. Mvua ilinyesha sana hata mto ______ kingo zake.
(a) uvunje (b) ukavunja (c) kuvunja (d) usivunje

3. Walizungumza kwa kunong'ona kiasi kwamba sisi tuliokaa nyuma ______ lolote.
(a) tusisikie (b) hatukusikia (c) tusikie (d) kutosikia

4. Walizungumza kwa kunong'ona ili sisi tuliokaa nyuma ______ lolote.
(a) tusisikie (b) hatukusikia (c) tulisikia (d) hatusikii

5. Nenda ______ mlinzi, mwambie afungue lango.
(a) ukamwite (b) ulimwita (c) akamwita (d) umemwita

6. Sanduku lilikuwa zito ______ kuwashinda vijana wanne.
(a) ili (b) kusudi (c) kiasi cha (d) kiasi kwamba

SEHEMU B (alama 10)
Kila sentensi ina kosa moja. Iandike upya kwa usahihi bila kubadilisha maana iliyokusudiwa.

7. Mwambie mtoto aje mezani ili akule kabla chakula hakijapoa.

8. Nimeandika jina lako kwenye daftari ili nisisahae.

9. Alifunga dirisha ili vumbi haliingii ndani.

10. Tuliondoka alfajiri kwa sababu tusikutwe na jua kali njiani.

11. Alicheka sana ili machozi yakamtoka.

SEHEMU C (alama 12)
Unganisha kila jozi iwe sentensi moja. Fuata maagizo yaliyo kwenye mabano.

12. Dada alipunguza sauti ya redio. Alitaka bibi alale. (Tumia *ili*.)

13. Giza lilikuwa nene. Hatukuonana ingawa tulikuwa tumeshikana mikono. (Tumia *hata*, kitenzi kinachofuata kianze na *tusi-*.)

14. Nipe tochi. Nataka kuangalia chini ya kitanda. (Usitumie kiunganishi chochote.)

15. Swali lilikuwa gumu. Hakuna aliyelijibu. (Tumia *kiasi kwamba*. Andika sentensi mbili: moja ianze na *Swali lilikuwa*, nyingine ianze na *Lilikuwa swali*.)

SEHEMU D (alama 6)
Soma kifungu, kisha andika K kama kitenzi kinachofuata herufi ya mabano kinaonyesha kusudi, au M kama kinaonyesha matokeo.

Usiku ule upepo ulivuma mpaka mabati mawili (a) yakang'oka. Baba alinituma mimi na dada (b) tukalete kamba. Mama naye aliweka ndoo tatu chini ya tundu ili maji (c) yasifike kwenye magunia ya nafaka. Baba alipanda ngazi, akayakandamiza mabati kwa mawe (d) yasipeperuke tena. Kulipokucha, ndoo zote zilikuwa zimejaa kiasi cha (e) kumwagika, na magunia ya chini yalikuwa yamelowa chepechepe.

(f) Katika kifungu hiki, ni kusudi gani ambalo halikutimia? Jibu kwa sentensi moja.

MAJIBU NA MAELEZO
*Yasomwe baada ya kila mtu kukusanya karatasi yake.*

1. (b) aone. Kishazi cha *ili* huchukua kitenzi cha hali ya kutaka, ambacho kwa vitenzi vya Kibantu huishia na *-e*. Wengi huvutwa na *akaona*, kwa kuwa kweli fundi akishapanda ataona. Lakini *-ka-* inasimulia jambo lililokwisha kufuata jingine, ilhali *ili* inatuweka mahali ambapo fundi bado yuko kwenye ngazi na hatujui kama ataona kitu. *Ili kuona* pia ingekubalika, kwa sababu anayepanda na anayeona ni yule yule.

2. (b) ukavunja. Mvua haina kusudi. Haikunyesha kwa kutaka mto uvunje kingo.

3. (b) hatukusikia. 4. (a) tusisikie. Maswali haya mawili ndiyo moyo wa zoezi zima, na ndiyo maana nimeyaweka jirani. Maneno karibu yote ni yale yale, ila kikanushi kimebadilika, na nacho kimebadilisha habari nzima. *Hatukusikia* ni taarifa: tulikaa nyuma, jambo halikutufikia, imekwisha. *Tusisikie* ni nia iliyomo kichwani mwa wanaonong'ona. Huenda tulisikia kila neno.

Kama bado huoni tofauti, ongeza *lakini* mwishoni. "Walizungumza kwa kunong'ona ili tusisikie, lakini tulisikia" ni sentensi nzima kabisa. Sasa jaribu hii: "Walizungumza kwa kunong'ona kiasi kwamba hatukusikia, lakini tulisikia." Nusu ya pili inaipinga ya kwanza. Kusudi hukubali kushindwa. Matokeo hayakubali, maana yameshatokea. Kipimo hiki kitumie popote, hata kwenye insha yako mwenyewe, pale unapoona sentensi inayumba na hujui ni kwa nini.

5. (a) ukamwite. *-ka-* pamoja na *-e* hutumika pale mtu anapohitaji kutoka alipo ndipo atende: nenda ukamwite, kimbia ukatazame. Ndiyo *-ka-* ambayo haisimulii yaliyopita.

6. (c) kiasi cha. *Kiasi cha* hufuatwa na kitenzi cha *ku-*; *kiasi kwamba* hutaka kitenzi chenye nafsi na wakati: "zito kiasi kwamba liliwashinda". *Ili* na *kusudi* zingelifanya sanduku liwe na nia mbaya na vijana.

7. ...ili ale kabla chakula hakijapoa. Vitenzi vifupi kama *kula*, *kuja*, *kufa* na *kunywa* hubakiza *ku-* katika *alikula* au *amekula*, lakini huidondosha katika hali ya kutaka: ale, aje, afe, anywe. Tazama kwamba ndani ya sentensi hiyo hiyo tayari kuna *aje*, wala si *akuje*. Aliyeliona hilo amejisaidia.

8. ...ili nisisahau. Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu havibadili irabu ya mwisho: asahau, arudi, afikiri, asamehe, ajibu. Aliyeandika *nisisahae* ameshika kanuni ya *-e* vizuri mno, akaipeleka mahali isipohusika. Ni kosa la mtu anayefikiri, na huisha haraka akilielewa.

9. ...ili vumbi lisiingie ndani. Kukanusha kusudi ni kwa *-si-* baada ya kiambishi cha nafsi au cha ngeli. *Ha-* ni ya taarifa.

10. Tuliondoka alfajiri ili tusikutwe na jua kali njiani. *Kusudi tusikutwe* pia ni sahihi. Sababu na kusudi hujibu swali moja, "kwa nini?", na hapo ndipo mchanganyiko unapozaliwa. Sababu iko nyuma ya tendo: jambo lilikuwapo, likatusukuma. Kusudi liko mbele yake: jambo halijawa, tunalifuata au tunalikimbia. Asiyetaka kuliacha *kwa sababu* aandike "kwa sababu hatukutaka kukutwa na jua kali", nami nitampa alama zote mbili, kwa kuwa kutokutaka kulikuwapo kabla ya safari. Walioandika *ili kusudi tusikutwe* wamepata alama moja. Katika mazungumzo nayasikia maneno hayo yakiandamana kila siku, lakini kwenye maandishi moja linatosha.

11. Alicheka sana hata machozi yakamtoka. *Mpaka* na *hadi* zinakubalika. Aliyeibakiza *ili* akaandika *machozi yamtoke* ameandika sarufi safi yenye maana nyingine: mtu anayecheka kwa kukusudia alie, kama mwigizaji jukwaani. Alama moja, maana agizo lilikuwa kutobadilisha maana.

12. Dada alipunguza sauti ya redio ili bibi alale. Hapa *ili kulala* haiwezekani. Mtendaji amebadilika: anayepunguza ni dada, anayelala ni bibi. Kitenzi cha *ku-* hakina nafsi, kwa hiyo msomaji angedhani dada ndiye anayekwenda kulala.

13. Giza lilikuwa nene hata tusionane ingawa tulikuwa tumeshikana mikono. Swali hili nimelitega makusudi. Kitenzi kina *-si-* na *-e*, umbo tulilolizoea kwenye kusudi, lakini giza halikusudii lolote. Baada ya *hata*, umbo hili hueleza ukubwa wa hali: giza la kufikia kiwango cha watu kutoonana. Ndiyo maana nilisema pale mwanzo kitenzi kitazamwe *pia*, na ndiyo maana kipimo cha *lakini* kina thamani kuliko kukariri maumbo. "Giza lilikuwa nene hata tusionane, lakini tulionana" haikubaliki, basi ni matokeo. Ni muundo wenye ladha ya Kiswahili cha wasimuliaji, nami ningependa kuuona zaidi katika insha zenu.

14. Nipe tochi niangalie chini ya kitanda. Kiswahili kinaweza kubeba kusudi kwa *-e* pekee, hasa baada ya amri au ombi. Njooni mle. Sogea nipite. Funga mlango mbu wasiingie.

15. Swali lilikuwa gumu kiasi kwamba hakuna aliyelijibu. Lilikuwa swali gumu kiasi kwamba hakuna aliyelijibu. Wanaojifunza Kiingereza wanajua kwamba huko neno la kukoleza hubadilika kufuatana na kinachokolezwa: moja hutangulia sifa pekee, jingine hutangulia sifa iliyoambatana na nomino. Kwetu *kiasi kwamba* haijali. Sifa ikae peke yake au ikae na nomino yake, kiunganishi ni kile kile na mahali pake ni pale pale, baada ya sifa. Kinachohitaji uangalifu ni upatanisho: swali gumu, maswali magumu, kazi ngumu.

Kifungu. (a) M. *Mpaka* inaweza kusomwa kama muda au kama ukali wa upepo. Kwa vyovyote mabati yaling'oka. (b) K. (c) K. (d) K, bila kiunganishi, kama katika swali la 14. (e) M.

(f) Kusudi la kuzuia maji yasifike kwenye magunia halikutimia, kwa kuwa magunia ya chini yalilowa. Walioandika M kwenye (c) kwa hoja kwamba "magunia yalilowa" warudi kwenye kitenzi: mama aliziweka ndoo *ili yasifike*. Nia yake inabaki kuwa nia hata baada ya maji kufika.