Mteja wa Kofia

(Maimuna anashona kofia nyumbani kwao Langoni, Lamu. Hamad ni mwalimu wa skuli ya msingi Wete, Pemba. Walijuana kwa kadi za salamu zilizokuwa zikisomwa redioni, baadaye wakaanza kuandikiana barua. Hawajaonana hata siku moja, na namba za simu wamepeana juzi tu.)

Simu ya kwanza, baada ya isha

HAMAD: Asalaam aleikum. Hapo ni kwa dada Maimuna?

MAIMUNA: Waaleikum salaam. Ni mimi. Nani, kaka Hamad? Mbona sauti nzito hivyo?

HAMAD: Ulitaraji ipi?

MAIMUNA: Nyembamba. Miaka yote hii nakusoma kwa sauti nyembamba. Sasa itabidi barua zote nizisome tena upya.

HAMAD: Kwani bado unazo?

MAIMUNA: Zimo kwenye kasha la marehemu bibi. Zako umezichoma?

HAMAD: Astaghfirullah! Zimo kwenye sanduku la vitabu. Ya mwisho imefika na alama ya chai.

MAIMUNA: Si chai, ni tangawizi. Ilikuwa wiki ya Maulidi, nyumba imejaa wageni, mie naandika jikoni. Watoto wote wamekimbilia pwani kutazama mashindano ya punda. Nikasema ndiyo nafasi yangu.

HAMAD: Uliandika kwamba ngoma za Riyadha zilikesha hadi alfajiri, halafu ukakatiza. Ukaandika, "basi, kaka, nitakwambia mengine." Mengine yapi?

MAIMUNA: (anacheka) Uliyashika hayo?

HAMAD: Nimeisoma mara nyingi kidogo.

MAIMUNA: Nyingi kidogo ni ngapi, mwalimu?

HAMAD: Salio linakwisha, dada. Wasalimie nyumbani.

Wakati wa karafuu

MAIMUNA: Kuna makelele gani huko?

HAMAD: Tunachambua. Mama, shangazi na watoto wa jirani, tumezunguka jamvi moja. Karafuu upande huu, makonyo upande huu. Nina utomvu mpaka kwenye simu.

MAIMUNA: Basi nikupigie kesho.

HAMAD: Hapana, hapana. Ngoja nitoke nje. (Mlango unafungwa.) Haya. Mvua inatunyima raha. Tukianika asubuhi, adhuhuri wingu linakuja, watu wote mbio kukunja majamvi. Karafuu ikilowa hufanya ukungu, na kituoni wanaikata daraja. Nawe je?

MAIMUNA: Nashona. Hii ya sasa inaniumiza macho. Viua vyake vidogo, kama mbegu za ufuta, na kila kimoja lazima ukizungushie uzi ukivute sawasawa. Ukivuta sana kitambaa kinajikunja, ukilegeza kitundu kinafumba. Jana nilifumua safu nzima.

HAMAD: Safu nzima? Zile za duka la Mkunguni hufumui hivyo. Uliwahi kuniandikia, "mtalii haoni."

MAIMUNA: Hii si ya dukani.

HAMAD: Ya nani?

MAIMUNA: Ya mteja.

HAMAD: Wa hapo Lamu?

MAIMUNA: Hebu! Unauliza kama afisa wa forodha.

HAMAD: Nimeuliza tu.

MAIMUNA: Nami nimejibu tu. Ehe, uhamisho wako umeishia wapi? Uliandika kuwa wanakutaka Unguja, skuli kubwa, na nyumba ya mwalimu juu.

HAMAD: Nimekataa.

MAIMUNA: Kwa nini? Si ulikuwa ukiombea hilo?

HAMAD: Mama peke yake hapa... na mikarafuu... na sanduku la posta pia.

MAIMUNA: La nini?

HAMAD: Sanduku la posta, Maimuna. Ukihama unabadilisha anwani. Barua ikija ya zamani haimkuti mtu.

MAIMUNA: Si ungeniandikia anwani mpya?

HAMAD: Ningeweza.

MAIMUNA: Basi?

HAMAD: Na ile iliyo njiani? Ambayo umeshaitia posta kabla yangu haijafika?

(Kimya kirefu.)

MAIMUNA: Umekataa nyumba ya mwalimu kwa ajili ya barua moja iliyo njiani.

HAMAD: Ukiisema hivyo inasikika vibaya.

MAIMUNA: Haisikiki vibaya. Rudi ukachambue, mama yako atakuuliza unazungumza na nani.

HAMAD: Ameshauliza.

MAIMUNA: Ukamjibu nini?

HAMAD: Nimemwambia rafiki yangu wa barua. Akanitazama, akaendelea na karafuu zake.

Alhamisi jioni, kaskazi imeanza kuvuma

MAIMUNA: Nina swali la kazi. Usicheke.

HAMAD: Uliza.

MAIMUNA: Kichwa chako inchi ngapi?

HAMAD: Cha kwangu? Sijawahi kupima.

MAIMUNA: Pima. Zungusha uzi juu kidogo ya masikio, usiubane.

HAMAD: Ngoja. (Anapekua.) Nimekata kamba ya gunia. Rula ninayo ile ya ubaoni... 56.

MAIMUNA: Inchi?

HAMAD: Sentimita! Inchi 56 si ningekuwa mtungi?

MAIMUNA: (anacheka, kisha anahesabu chini chini) 56... ni inchi 22. Alhamdulillahi.

HAMAD: Mbona umeshusha pumzi?

MAIMUNA: Kwa sababu nilishakata 22. Bapa limekwisha zamani. Limebaki duara la juu tu.

HAMAD: Ulijuaje?

MAIMUNA: Ile picha yako ya pasipoti. Niliiweka mbele ya taa nikakisia. Nina kazi hii tangu nikiwa mtoto, kichwa cha mtu nakijua.

HAMAD: Kwa hiyo yule mteja...

MAIMUNA: Hakuwa na habari kwamba ni mteja.

HAMAD: Maimuna.

MAIMUNA: Naam.

HAMAD: Nilimchukia yule mteja. Msimu mzima. Nilikuwa nikimwona, mtu mzima mzima, tajiri, ana jahazi Matondoni.

MAIMUNA: (anacheka mpaka anakohoa) Maskini! Hana hata baiskeli.

HAMAD: Baiskeli ninayo. Bei ya kofia ni ngapi?

MAIMUNA: Haiuzwi.

HAMAD: Nami sitaki uiposti. Ikipotea njiani nitakufa.

MAIMUNA: Utaipataje basi?

HAMAD: Nimeshauliza. Chombo mpaka Tanga, basi mpaka Horohoro, navuka Lungalunga, Likoni kwa feri, nalala Mombasa. Alfajiri basi la Malindi, Garsen, Witu, mpaka Mokowe. Hapo boti.

MAIMUNA: Uliuliza lini?

HAMAD: Kabla ya karafuu.

MAIMUNA: Kabla ya karafuu! Na ukanyamaza?

HAMAD: Nilijidanganya kwamba nataka kuja kuangalia Maulidi.

MAIMUNA: Mimi nilijidanganya kwamba nafanya mazoezi ya viua vidogo. (Kimya.) Hamad, Lamu si mji mkubwa. Ukishuka gatini na ukauliza nyumba yetu, kabla hujafika mlangoni baba atakuwa ameshaambiwa msikitini.

HAMAD: Nije na nani basi?

MAIMUNA: Usije peke yako. Una mjomba?

HAMAD: Ninaye, anapenda safari na anapenda kusema.

MAIMUNA: Huyo huyo. Lakini kwanza barua.

HAMAD: Nitakuandikia leo leo.

MAIMUNA: Si mimi. Mwandikie baba. Sanduku letu unalijua.

HAMAD: Nimwandikie nini?

MAIMUNA: Mwalimu mzima, unaniuliza mimi? Na mwandiko wako upunguze mikia. Miwani yake haisomi mikia.