Maswali ya variansi: unga, sukari na mifuko ya mkate (sehemu ya meneja msiiruke)

Wakuu habari za usiku. Haya ndo maswali niliyowaahidi, yote ni ya kiwanda kimoja cha mikate nilichokitunga mwenyewe, tukiweke Mbagala. Standadi ni kile tulichopanga, variansi ni tofauti yake na kilichotokea kweli. Kreti moja ina mikate 20 ya gramu 800. Kila mtu afanye kwanza kwenye karatasi yake ndo ashuke kwenye majibu, maana najua kuna watu humu kazi yao ni kusoma jibu na kusema "nilikuwa najua".

SWALI LA 1. Standadi ya kreti moja ni unga kilo 10 kwa sh 1,800 kilo. Bajeti ya mwezi wa tatu ilikuwa kreti 1,200, zikatoka kreti nzuri 1,000. Unga ulionunuliwa na kutumika wote ni kilo 10,600, umelipiwa sh 17,490,000. Tafuta variansi ya bei na ya matumizi, halafu mwandikie meneja maana yake.

Jibu. Bei halisi kwanza, 17,490,000 gawa kwa 10,600 unapata 1,650. Kwenye kilo moja tumeokoa 150. Kwenye hesabu F ni variansi nzuri, A ni mbaya.

```
Bei:      (1,800 - 1,650) x 10,600 = 1,590,000 F
Matumizi: (10,000 - 10,600) x 1,800 = 1,080,000 A
Jumla:    18,000,000 - 17,490,000  =   510,000 F
```

Hiyo 10,000 imetoka wapi? Kreti 1,000 zilizotoka kweli mara kilo 10. Hapa ndo wengi wanaliwa maksi kila mwaka, mtu anachukua kreti 1,200 za bajeti, anapata kilo 12,000, anatoa 10,600, anaandika variansi nzuri ya sh 2,520,000 na anatabasamu kabisa. Sasa ndugu yangu, umewasifia watu wa uzalishaji kwa kuokoa unga wa mikate ambayo hawakuioka! Unauliza hivi: kwa mikate hii iliyotoka, ilitakiwa tutumie unga kiasi gani? Basi. Na ile matumizi inazidishwa kwa bei ya standadi, sio 1,650, kwa sababu msimamizi wa oveni hakununua yeye huo unga, usimbebeshe wala usimpunguzie kwa bei aliyoipatana mtu mwingine.

SWALI LA 2. Sukari, standadi nusu kilo kwa kreti, sh 2,700 kilo. Zimenunuliwa kilo 800 kwa sh 2,320,000, zimetumika 470, zilizobaki ziko stoo na stoo inathaminishwa kwa bei ya standadi. Kreti ni zilezile 1,000.

Jibu. Kwa kuwa stoo iko kwenye bei ya standadi, tofauti yote ya bei inatambuliwa siku ya kununua, kwa hiyo ni kilo 800 na sio 470. Bei halisi 2,900.

```
Bei:      (2,700 - 2,900) x 800 = 160,000 A
Matumizi: (500 - 470) x 2,700   =  81,000 F
```

Msizijumlishe hizo mbili mkasema ndo variansi ya gharama ya mikate, moja ni ya kilo 800 nyingine ya 470. Na hiyo 81,000 nzuri usiipigie makofi haraka, sukari ikipanda bei mtu wa kuchanganya anaweza tu kupunguza kipimo, wewe unaona F kwenye karatasi, mteja anaona mkate umekuwa hauna ladha.

SWALI LA 3, fupi. Mifuko ya plastiki, standadi mfuko 1 kwa mkate, sh 50. Variansi ya matumizi ni 60,000 A. Imetumika mifuko mingapi?

Jibu. 60,000 gawa kwa 50 ni mifuko 1,200 iliyozidi, standadi ni 20,000, kwa hiyo 21,200. Liwekeni hili akilini, tutalirudia.

Sasa sehemu ya meneja. Taarifa za ziada za swali la 1: mwezi huo afisa manunuzi alihamia kwa saplaya mpya mwenye unga wa bei chee, daftari la oveni linaonyesha kreti 38 za mikate iliyokataliwa kwa kutoumuka, na bei ya sokoni ya unga ule wa siku zote ilikuwa imeshuka hadi 1,700. Mi ningeandika hivi:

"Bosi, shikamoo. Ripoti ya mwezi wa tatu inaonyesha kwenye unga tuko vizuri kwa sh 510,000. Naomba usiitumie namba hiyo kumpongeza mtu bado.

Standadi yetu ya 1,800 imepitwa, soko lilikuwa 1,700. Kwenye ile 1,590,000 ya bei nzuri, sh 1,060,000 imeletwa na soko lenyewe, mtu yeyote angeipata. Juhudi ya manunuzi ni sh 50 tu kwa kilo, yaani 530,000. Tungebaki na unga wetu wa zamani na kutumia kilo 10,000 tulizotakiwa, tungelipa sh 17,000,000. Tumelipa 17,490,000. Kwa hiyo unga wa bei rahisi umetugharimu 490,000 zaidi, na hapo sijahesabu hamira, kuni na muda wa watu kwenye mikate iliyotupwa.

Msimamizi wa oveni asihojiwe peke yake kwa zile kilo 600. Unga usio na nguvu unakunywa maji kidogo, ili donge lifike uzito uleule inabidi aongeze unga, na bado mkate unalala. Kreti 38 zilizokataliwa zinaeleza kama kilo 380 hivi. Naomba yeye na afisa manunuzi wakae meza moja, gunia la zamani na la sasa vikandwe siku moja kwa maji yaleyale, tuone. Hadi hapo tusitoe oda nyingine kwa saplaya mpya. Na standadi ishuke 1,700 kuanzia mwezi huu."

Mtu akiniandikia hivyo nampa maksi zote hata kama mwandiko wake ni wa daktari. Anayeniandikia "variansi ya bei ni nzuri maana bei halisi iko chini ya standadi" amenisomea fomula kwa maneno, meneja alishaiona hiyo F mwenyewe.

Kimebaki kitu kimoja. Kilo 600 toa 380, kuna 220 hazijaelezwa, na huenda nyingi ni hizohizo za kuongezea donge. Lakini turudi kwenye mifuko 1,200. Mkate uliokataliwa haufungwi, kwa hiyo zile kreti 38 haziwezi kuwa zimekula hata mfuko mmoja. Inawezekana mashine ya kufungia inachana, inawezekana stoo walihesabu vibaya, na inawezekana kuna mikate ilifungwa vizuri ikatoka alfajiri bila kuandikwa kwenye daftari la mauzo. Unga wa kilo 220 ni kreti 22, ni mifuko 440. Mimi simwiti mtu mwizi kwa variansi, ila kwa bosi ningeongeza mstari mmoja: mifuko ihesabiwe mwanzo na mwisho wa kila shifti kwa wiki mbili, na iliyochanika irudishwe stoo ikiwa imechanika hivyohivyo.

Kazi ya kesho: rudieni swali la 1 mkidhani ile mikate 760 iliyokataliwa imeuzwa kwa wafugaji wa nguruwe sh 300 kila mmoja, mniambie ile hasara ya 490,000 inabaki ngapi na hela hiyo mnaiweka wapi kwenye ripoti.